Jinsi ya kuandika barua ya kuomba kuhamishwa idara unapokuwa huelewani na msimamizi wako

Swali hili linanifikia karibu kila mwezi, na mara nyingi linatoka kwa watumishi wa umma ambao hawajamaliza hata miaka mitatu kazini: "Sielewani na bosi wangu, nataka kuhama idara. Barua naiandikaje? Na ni lazima ipite kwake?" Nimefanya kazi za utumishi hapa Dodoma muda wa kutosha kuona barua hizi zikikubaliwa na zikikataliwa. Mara nyingi inayokataliwa imekataliwa kwa jinsi ilivyoandikwa, wakati mwandishi wake alikuwa na haki ya kuomba. Kwa hiyo nimeandika hatua zote hapa.

Mwongozo huu unahusu uhamisho wa ndani tu, yaani kutoka idara moja kwenda nyingine kwa mwajiri yuleyule, ukiwa katika kada ileile. Ukitaka kwenda kwa mwajiri mwingine, njia ni tofauti: maombi hayo yanawasilishwa kwenye mfumo wa ESS na uamuzi hauishii kwa mwajiri wako. Ukitaka kubadilisha kada, kwa mfano kutoka mtunza kumbukumbu kuwa afisa ugavi, hilo nalo ni ombi jingine lenye masharti ya elimu na muundo wa utumishi. Usichanganye mambo haya kwenye barua moja.

Kuna jambo jingine la kulitenga mapema. Kama msimamizi wako anakudai rushwa, anakutaka kimapenzi ili akupitishie mambo yako, au anakupiga, barua ya kuomba uhamisho siyo dawa yake. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na mahali pake ni TAKUKURU. Ukiomba uhamisho wa kimyakimya, utaondoka wewe na yeye atabaki na atakayekuja kukaa kwenye kiti chako.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Tafuta kwanza barua yako ya ajira na ya kupangiwa kituo cha kazi, namba yako ya hundi, na tathmini zako za utendaji kwenye PEPMIS. Pata pia taarifa moja ambayo wengi hawaitafuti: je, idara unayoitaka ina nafasi wazi kwenye ikama kwa kada yako? Muulize afisa utumishi kwa upole, bila kueleza habari yote. "Naomba kujua kama Idara ya Elimu ina upungufu wa watunza kumbukumbu" ni swali la kawaida na halimshtui mtu.

Halafu kaa peke yako uandike kwenye daftari yote yaliyotokea: tarehe, mahali, kilichosemwa, nani alikuwepo. Andika kwa hasira kama una hasira. Karatasi hiyo haiendi popote. Ni ya kukusaidia kukumbuka siku ukiitwa kuulizwa, na ni ya kuyatoa moyoni ili yasijipenyeze kwenye barua.

Angalia pia kama una barua ya kutakiwa kujieleza ambayo hujaijibu. Kama ipo, ijibu kwanza na usubiri hatima yake. Ombi la uhamisho linalofika wiki moja baada ya barua ya kujieleza husomwa kama mtu anayekimbia shauri, hata kama ulikuwa umelifikiria miezi mingi kabla.

Mfano tutakaoufuata

Tuchukue mtumishi mmoja, Msaidizi wa Kumbukumbu katika masjala ya ardhi ya taasisi ya umma. Masjala ya ardhi ina kazi nyingi, wananchi wanafuatilia majalada ya viwanja vyao kutwa nzima. Msimamizi wa masjala humfokea mbele ya wateja, humpa maagizo kwa mdomo kisha huyakana, na likizo yake imekaa mezani muda mrefu bila jibu. Dada huyu amekwisha kuzungumza naye mara moja, Mkuu wa Idara akiwepo. Hali ilitulia kidogo, ikarudi palepale. Sasa anataka kwenda masjala ya Idara ya Elimu, jengo lilelile, kada ileile.

Hatua ya 1: Amua nani unamwandikia na barua inapita kwa nani

Barua inaandikwa kwa mwajiri, yaani Mkurugenzi, Katibu Mkuu au Mtendaji Mkuu, kutegemea taasisi yako. Haiandikwi kwa mkuu wa idara unayotaka kwenda. Yeye hana mamlaka ya kukuchukua, na ukimwandikia moja kwa moja unamweka pabaya na mwenzake.

Sasa lile swali kubwa. Ndiyo, kwa kawaida barua inapita kwa mkuu wako. Ndiyo maana chini ya anwani ya mwajiri kunawekwa U.f.s., wengine huandika Kupitia kwa, na cheo cha anayepitisha. Najua ni hatua inayoumiza tumbo. Lakini barua iliyomruka msimamizi, ikifika kwa Mkurugenzi, kitu cha kwanza kitakachoandikwa pembeni yake ni "Mkuu wa Idara, naomba maoni yako", na itarudi kwa mtu yuleyule, safari hii akiwa amejua kwamba umemruka. Umepoteza wiki mbili na umempa sababu ya kusema huna nidhamu.

Angalia vizuri anayepaswa kupitisha ni nani. Ofisi nyingi zinataka Mkuu wa Idara pekee. Kama unayegongana naye ni msimamizi wa kitengo chini ya Mkuu wa Idara, huenda sahihi yake haihitajiki kabisa. Muulize mtu wa masjala kuu jinsi barua za aina hiyo zinavyopita kwenu. Katika mfano wetu, taasisi inataka Mkuu wa Idara tu. Hata hivyo ningemshauri dada yule amjulishe msimamizi wa masjala siku hiyohiyo, ili asilisikie kwenye korido.

Hatua ya 2: Tafuta sababu ya kikazi, na iwe ya kweli

Mwajiri hahamishi watu ili wafurahi, anawahamisha ili kazi iende. Kwa hiyo sababu kuu ya barua lazima iwe kitu ambacho idara mpya itakipata kwako. Dada wa masjala ya ardhi amepanga upya majalada yaliyokuwa yamechanganyika na anajua kazi ya kuhamisha kumbukumbu za zamani kwenda ghala la kumbukumbu tuli. Masjala ya elimu ina majalada ya walimu mengi yanayohitaji kazi hiyohiyo. Hiyo ni sababu. "Naipenda sana elimu tangu utoto" siyo sababu.

Kama huna chochote cha kuipa idara mpya zaidi ya kutaka kuondoka ulipo, subiri kidogo. Chukua jukumu moja unaloweza kulionyesha kwenye PEPMIS, lifanye vizuri, kisha uandike.

Hatua ya 3: Amua kama utaugusa uhusiano wenu, na kwa sentensi gani

Hapa ndipo barua nyingi zinapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Watu wanafanya moja kati ya mambo mawili. Wa kwanza anaandika kurasa tatu za malalamiko: ananinyanyasa, ananichukia, anapendelea watu wa kwao. Anasahau kwamba barua hiyo itawekwa kwenye jalada lake binafsi na itakaa humo mpaka atakapostaafu. Kila mkuu mpya atakayelifungua jalada, kila kamati itakayokaa kuangalia nani apandishwe cheo, itakutana na karatasi hiyo. Haitajua nani alikuwa na haki. Itaona tu mtu aliyegombana na bosi wake.

Wa pili anaficha kila kitu na kuandika sababu ya uongo, mara afya, mara mtoto, mara umbali. Bosi anasoma, anajua ukweli, na anaandika kwenye maoni kwamba sababu iliyotolewa siyo ya kweli. Na ukidai afya utaambiwa ulete taarifa ya daktari.

Mimi nashauri hivi. Kama mgogoro wenu haujawahi kufika mezani rasmi, usiutaje kabisa, simama kwenye sababu ya kikazi peke yake. Kama umekwisha kujadiliwa kwenye kikao na wakubwa wanaufahamu, uutaje kwa sentensi moja au mbili, kwa maneno ambayo hata msimamizi wako anaweza kuweka sahihi chini yake bila kusema uongo. Hicho ndicho kipimo. Chukua sentensi yako uisome ukiwa kwenye kiti chake.

"Msimamizi wangu ananidhalilisha mbele ya wateja" hataiweka sahihi. "Mawasiliano ya kikazi kati yangu na msimamizi wangu hayajawa mazuri, na kikao tulichokaa tarehe fulani hakijaleta nafuu ya kudumu" ataiweka, kwa sababu kikao anakijua na hali anaijua. Sentensi hiyo haisemi kosa ni la nani, na mwajiri anayeisoma anaelewa kilichopo bila kulazimika kufungua uchunguzi. Hapo unamrahisishia kusema ndiyo.

Hatua ya 4: Andika

Ukurasa mmoja. Katika barua za serikali aya ya kwanza haina namba, zinazofuata zinaanzia 2. Barua ya dada yule ingekaa hivi:

> Masjala ya Ardhi,
> S.L.P. ……,
> DODOMA.
> Tarehe ……
>
> Mtendaji Mkuu,
> (jina la taasisi),
> S.L.P. ……,
> DODOMA.
>
> U.f.s. Mkuu wa Idara ya Ardhi
>
> YAH: OMBI LA KUHAMISHWA KUTOKA MASJALA YA ARDHI KWENDA MASJALA YA ELIMU
>
> Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu.
>
> 2. Mimi ni Msaidizi wa Kumbukumbu, namba ya hundi ……, niliyepangiwa Masjala ya Ardhi tangu tarehe ……. Kwa heshima naomba kuhamishiwa Masjala ya Idara ya Elimu, katika kada yangu ileile.
>
> 3. Katika kituo changu cha sasa nimeshiriki kupanga upya majalada ya viwanja na kuandaa kumbukumbu tuli kwa ajili ya kuhamishiwa ghalani. Ninafahamu kuwa Masjala ya Elimu ina kazi kama hiyo katika majalada ya walimu, na naamini uzoefu wangu utasaidia kuikamilisha.
>
> 4. Aidha, mawasiliano ya kikazi kati yangu na msimamizi wangu wa karibu hayajawa mazuri kwa muda sasa. Kikao tulichofanya mbele ya Mkuu wa Idara tarehe …… kilisaidia kwa muda, lakini hakijaleta nafuu ya kudumu. Naamini kubadilishiwa kituo kutaiwezesha kazi ya pande zote mbili kuendelea vizuri.
>
> 5. Niko tayari kuandaa taarifa ya makabidhiano na kumwelekeza atakayepokea majukumu yangu kwa muda utakaoona unafaa.
>
> Naomba kuwasilisha.
>
> (sahihi)
> (jina kamili)

Angalia aya ya 5. Ni fupi, lakini ndiyo inayojibu hofu ya kwanza ya Mkuu wa Idara: "Akiondoka, nani atafanya kazi yake?" Barua isiyojibu swali hilo hurudi na maneno "aletwe mbadala kwanza", na mbadala anaweza asije mwaka mzima.

Huhitaji kuandika kwamba utajigharamia. Maneno hayo ni ya mtu anayeomba kuhama kituo kwenda mji mwingine. Wewe unahama ghorofa.

Hatua ya 5: Chapa mahali salama

Usichape kwenye printa ya ofisi wala kumwomba mwenzako wa idara akuchapie. Ukienda steshenari, hakikisha faili limefutwa kwenye kompyuta yao kabla hujaondoka. Toa nakala tatu: moja ya kuwasilisha, moja ya kugongewa muhuri wa kupokelewa, moja ya nyumbani.

Hatua ya 6: Ipeleke mwenyewe

Chagua saa ambayo ofisi yake haina foleni, mara nyingi asubuhi mapema kabla ya vikao. Kama Mkuu wako hushinda Mtumba na wewe uko mjini, usimtumie picha ya barua kwa simu, omba nafasi umfuate. Maneno yawe machache: "Shikamoo mkuu. Nina barua yangu ya kuomba kubadilishiwa kituo, inapita kwako. Nimeona nikuletee mwenyewe." Akiuliza sababu, sema kilichomo kwenye barua, usiongeze. Akikasirika, mwache amalize. Usijibu kwa hoja za kwenye daftari lako.

Barua iingie masjala siku hiyohiyo. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo, siku barua ikipotea utakuwa hujawahi kuandika.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kubwa kuliko yote ni nakala. Mtu anaandika ombi la uhamisho wa ndani halafu chini anaweka nakala kwa chama cha wafanyakazi, kwa Katibu Tawala na kwa Mbunge. Papo hapo ombi limegeuka mgogoro, na mwajiri anaanza kujilinda badala ya kukusaidia. Chama chako, kiwe TUGHE au TALGWU, nenda ukawaone kwa mdomo kama unahitaji ushauri. Jina lao lisionekane kwenye barua hii.

La pili ni vitisho: "nisipohamishwa nitaacha kazi". Mwajiri akikuchukua kwa neno lako, huna pa kurudi. La tatu ni kulitangaza jambo kwenye kundi la WhatsApp la ofisi kabla ya majibu. Idara unayotaka kwenda itakuwa imekwisha kusikia upande wa pili kabla hujafika.

Mambo yakikwama

*Mkuu anakataa kuipokea.* Usivutane naye. Iwasilishe masjala ya wazi, ipokelewe kwa muhuri, nao wataipeleka kwake kwa kitabu cha kusambazia barua. Akiipokea kwa njia hiyo, kuna kumbukumbu kwamba iko kwake.

*Anaikalia.* Subiri siku 14 za kazi, kisha andika barua ya kukumbushia yenye aya mbili, ukitaja tarehe ya ile ya kwanza na kuambatisha nakala yenye muhuri. Nayo ipitie kwake. Ikikaa tena siku kama hizo, omba kumwona afisa utumishi ukiwa na nakala zote mbili zenye mihuri. Sasa anayekwamisha anaonekana kwa tarehe, na wewe hujasema neno baya.

*Ameandika maoni mabaya.* Hutayaona mara moja, lakini utaitwa kuulizwa. Hapo ndipo daftari lako lina kazi. Jibu kwa tarehe na matukio, siyo kwa tabia: "Tarehe 4 nilipewa agizo la kutoa jalada, tarehe 6 niliulizwa kwa nini nimelitoa." Usiseme "yeye ni mkali".

*Jibu ni "aletwe mbadala".* Hili lina njia nzuri kuliko kusubiri: kubadilishana. Tafuta mwenye kada yako katika idara unayoitaka ambaye angependa kuja kwenu. Mwambie ukweli kuhusu hali ilivyo, maana yeye ndiye atakayekaa hapo. Wapo wanaopenda pilika za masjala ya ardhi kuliko ukimya wa majalada ya walimu, na msimamizi asiyeelewana na wewe anaweza kuelewana na mwingine vizuri tu. Mkikubaliana, kila mmoja aandike barua yake akimtaja mwenzake, na barua ziwasilishwe siku moja. Ikama ya idara zote mbili inabaki ilivyo, na Mkuu wa Idara hana pengo la kulalamikia.

*Ombi limekataliwa kabisa.* Omba jibu kwa maandishi kama ulijibiwa kwa mdomo. Soma sababu. Kama ni ikama, omba tena maandalizi ya ikama na bajeti yatakapoanza, kabla mwaka mpya wa fedha haujaingia tarehe 1 Julai. Kama sababu ni utendaji wako na huikubali, hilo si suala la uhamisho tena, ni suala la tathmini, na lina njia yake.

*Umekubaliwa, lakini bosi wa zamani bado anakushikilia.* Barua ya uhamisho ina tarehe ya kuripoti. Andaa taarifa ya makabidhiano siku ileile unapoipata: majalada yaliyo mikononi mwako, yaliyoazimwa na nani, funguo, kazi zilizobaki nusu. Isainiwe na anayekabidhi, anayepokea na shahidi. Kisha nenda kwa afisa utumishi uhakikishe jina la msimamizi wako limebadilishwa kwenye mfumo. Watu wengi wanasahau hili. Wanakaa idara mpya miezi kadhaa, halafu wakati wa tathmini wanakuta kazi zao kwenye PEPMIS bado zinasubiri kupitishwa na mtu yuleyule waliyemwacha.